TAHARIRI: Oda bloki na pengo la bei zipimwe kwanza, ndipo kijana atoe pesa yake

Katika miji yetu ya mashariki, toka Butembo mpaka Uvira, kupitia Goma na Bukavu, kuna somo jipya ambalo vijana wanalifuata usiku kwenye telefone. Ni tredingi ya foreksi kwa njia wanayoiita "pesa ya werevu". Ukiingia katika kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi hao, utasikia maneno mawili kila saa: oda bloki na pengo la bei ya haki. Kwenye skrini yanaandikwa kwa kifupi OB na FVG. Mwalimu anachora kisanduku cha rangi kwenye chati, anasema benki kubwa zimeacha oda zao hapo, na kwamba bei itarudi kuzichukua kabla ya kupanda. Bei ikirudi kweli, kikundi kizima kinapiga makofi. Isiporudi, mtu haongei.

Formasyo hiyo hailipiwi franga kidogo. Kuna kijana tunayemfahamu aliyeuza telefone yake nzuri ili apate dola 150 za mwalimu na dola 50 za kufungua konti. Wiki tatu baadaye zile 50 ziliisha. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba hakuchora bloki vizuri. Hatutaki kumcheka kijana huyo, wala kumtukana mwalimu wake. Swali letu ni moja tu: je, visanduku hivyo vinaona kitu ambacho mtu anayesoma bei kwa macho ya kawaida haoni? Swali hilo lina jibu linaloweza kutafutwa kwa kalamu na daftari, na hilo ndilo tunataka kueleza leo.

Tuanze na maana, kwa sababu wengi wanalipa kabla ya kuielewa. Chati ya foreksi inachorwa kwa mishumaa. Kila mshumaa unaonyesha bei ilipofunguka, ilipofunga, ilipofika juu kabisa na ilipofika chini kabisa ndani ya muda fulani, tuseme dakika 15. Oda bloki ya kununua ni mshumaa wa mwisho ulioshuka kabla bei haijapanda kwa nguvu. Pengo la bei ya haki linahitaji mishumaa mitatu inayofuatana. Ikiwa sehemu ya chini kabisa ya mshumaa wa tatu iko juu ya sehemu ya juu kabisa ya mshumaa wa kwanza, nafasi iliyobaki katikati, ambayo ilipitiwa na mshumaa wa pili peke yake, ndiyo pengo. Kwa kuuza, geuza maneno hayo yote chini juu. Basi, hakuna siri zaidi ya hapo.

Majina haya yalienezwa na Mmarekani Michael Huddleston, anayejulikana kwenye mtandao kwa jina la Inner Circle Trader, au ICT. Masomo yake mengi yako kwenye YouTube bila malipo. Kijana anayelipa dola 150 hapa kwetu, mara nyingi analipia kitu ambacho kiko wazi, kilichofupishwa na mtu mwingine. Na hata kabla ya Huddleston wazo lenyewe lilikuwepo. Wajapani walikuwa wakisoma mapengo kati ya mishumaa na kuyaita madirisha, na Steve Nison alileta elimu hiyo kwa wasomaji wa Kiingereza katika kitabu cha mwaka 1991. Naye Richard Wyckoff, mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, alifundisha wanafunzi wake wasome soko kana kwamba kuna mtu mmoja mkubwa nyuma yake anayekusanya mali polepole kabla ya kupandisha bei. Kitu kuwa cha zamani si kosa. Lakini mtu asiuziwe nguo kuukuu kwa bei ya nguo mpya.

Sasa tuchukue mfano na tuufuate hatua kwa hatua. Namba hizi tumezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini umbo lake utalikuta kwenye chati yoyote. Tuko kwenye EURUSD, dakika 15. Asubuhi hiyo bei ilikuwa imegonga 1.0830 mara mbili na kurudi chini. Kisha unakuja mshumaa wa kwanza, wa kushuka: juu yake ni 1.0822 na chini yake ni 1.0810. Mshumaa wa pili unapanda kwa nguvu, toka 1.0811 mpaka 1.0848. Mshumaa wa tatu unaendelea kupanda, na chini yake kabisa ni 1.0838.

Mwanafunzi wa pesa ya werevu anachora visanduku viwili. Oda bloki ni ule mshumaa wa kwanza, toka 1.0810 mpaka 1.0822. Pengo ni toka 1.0822 mpaka 1.0838, yaani pointi 16, tukihesabu pointi moja kuwa namba ya nne nyuma ya nukta. Katikati ya pengo ni 1.0830. Hapo ndipo anapofundishwa kuweka oda ya kununua.

Pembeni yake ameketi mtu mwingine ambaye hajawahi kusikia neno FVG. Yeye anasoma bei ya kawaida, kama wazee wa kazi hii walivyofanya. Anaona mshumaa mkubwa uliopanda, anajiambia: "Nitangoja bei irudi nusu ya mshumaa huu, ndipo ninunue." Nusu ya njia kati ya 1.0811 na 1.0848 ni kama 1.0830. Anaona pia kwamba 1.0830 ndiyo rezistansi ya asubuhi iliyovunjwa, na rezistansi iliyovunjwa mara nyingi watu huitumia kama sapoti. Naye anaweka oda yake pale pale.

Angalia vizuri, msomaji. Watu wawili, majina mawili, bei moja. Hiyo haikutokea kwa bahati. Pengo, kwa maana yake yenyewe, linakaa ndani ya mwili wa mshumaa mkubwa. Bloki, kwa maana yake yenyewe, inakaa kwenye mguu wa mpando. Ni vigumu sana kuchora FVG mahali ambapo hakuna mshumaa mkubwa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kwamba "FVG inafanya kazi", inawezekana anachokuonyesha ni kwamba kununua bei inaporudi nyuma baada ya mpando wenye nguvu kunafanya kazi mara nyingine. Ili ajue ni kipi kati ya hivyo viwili, lazima avipime kwa pamoja. Walimu wengi hawafanyi hivyo. Wanapima kisanduku peke yake, wanahesabu mara ambazo bei ilirudi, wanashangilia.

Na hapo ndipo penye mtego wa kwanza. "Bei ilirudi kujaza pengo mara 80 kwa 100." Maneno hayo yanasikika kuwa makubwa, lakini fanya jaribio hili. Chukua sarafu ya Rwanda, zile ambazo kila mtu wa Goma anazo mfukoni. Irushe: ikianguka kichwa, panda hatua moja kwenye karatasi, ikianguka upande mwingine, shuka hatua moja. Kila mirusho 10, chora mshumaa mmoja. Ukiendelea kwa subira, utaona kwenye karatasi yako oda bloki, utaona na mapengo. Na mapengo mengi yatajazwa. Wataalamu wa hesabu walithibitisha zamani kwamba mwendo wa sarafu kama huo, ukiachiwa muda bila kikomo, unarudi kwenye kila mahali ulipopita. Hakuna benki iliyoweka oda kwenye sarafu yako. Kwa hiyo, bei kurudi kwenye pengo si ushahidi wa kitu chochote. Iko karibu, basi inapitiwa.

Tena "itarudi" bila kutaja siku ni ahadi isiyo na mwisho. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda bei ya franga 1.20 kwa euro moja, bei iliyokuwa imeilinda tangu mwezi wa tisa 2011. Siku ile ile euro ilianguka, na kwa muda ilikuwa chini ya franga moja. Kwenye chati ya siku ya EURCHF lilibaki pengo kubwa ajabu, kutoka karibu na 1.20 kwenda chini. Je, lilijazwa? Ndiyo. Bei iligusa tena 1.20 mwezi wa nne 2018. Ni zaidi ya miaka mitatu. Aliyenunua siku ile akisema "pengo lazima lijazwe" alikuwa na haki kwa maneno, lakini konti yake ilikuwa imekufa zamani. Kampuni ya Alpari ya Uingereza yenyewe, iliyokuwa broka, ilifilisika kwa sababu ya siku ile moja, maana hasara za wateja zilipita pesa walizokuwa nazo.

Kwa hiyo swali la kweli halihusu bei kurudi. Ni hili: baada ya kurudi na kuniingiza sokoni, inafika kwanza kwenye faida yangu au kwenye kikomo changu cha hasara? Turudi kwenye mfano wetu. Umenunua 1.0830. Kikomo cha hasara umekiweka pointi mbili chini ya bloki, yaani 1.0808. Ni pointi 22. Shabaha ya faida ni mara mbili yake, pointi 44, yaani 1.0874. Walimu wanapenda uwiano huu, na si mbaya. Lakini ikiwa bei inatembea kama sarafu tu, bila kujua kisanduku chako, itafika kwenye faida kwanza mara ngapi? Hesabu yake ni fupi: umbali wa hasara ugawanye kwa umbali wote. 22 kwa 66, ni theluthi moja. Yaani mara 33 kwa 100, mtu aliyefumba macho angeshinda.

Ongeza spredi, ile tofauti ya bei ambayo broka anachukua. Tuseme ni pointi moja. Ukishinda unapata 43, ukishindwa unapoteza 23. Ili usipate wala usipoteze, unahitaji kushinda mara 23 kwa 66, ambayo ni karibu 35 kwa 100. Sasa una vipimo viwili vya haki. Aliyefumba macho anashinda 33. Anayetaka kubaki hai anahitaji 35. Mwalimu akikuambia oda bloki zake zinashinda mara 40 kwa 100 kwa uwiano wa moja kwa mbili, hiyo ni kazi nzuri sana, na ana wajibu wa kuionyesha. Akikuambia zinashinda mara 90, muulize kwanza kikomo chake cha hasara kiko mbali kiasi gani, kwa sababu mtu anaweza kushinda mara 90 kwa kutafuta pointi 5 na kuhatarisha 50, halafu siku moja akapoteza yote.

Mtego wa pili hauonekani upesi, na unawapata hata wenye akili. Mwanafunzi fulani haridhiki na 1.0830. Anataka bei nzuri zaidi, anangoja bei ishuke mpaka juu ya oda bloki, 1.0822. Kikomo chake cha hasara kinakuwa pointi 14 tu badala ya 22, anafurahi. Lakini fikiri: siku ambazo bei inageuka kwenye 1.0830 na kupanda moja kwa moja, yeye hayumo. Alibaki nje. Na siku ambazo bei inaanguka mpaka 1.0808, lazima ipite 1.0822 kwanza, kwa hiyo yeye yumo kila mara. Hasara zote anazipata, faida nzuri zaidi zinampita. Halafu jioni, akitazama chati, anaona bei iliyogeukia kwenye pengo na anahesabu ushindi ambao hakuupata. Daftari lake lina ushindi mwingi kuliko konti yake. Ukiona tofauti hiyo kati ya daftari na konti, ujue tatizo ni hili.

Mtego wa tatu ni wa maneno. Oda bloki ikivunjwa, somo lina jina lingine kwa ajili yake: inakuwa bloki ya kuvunja, na sasa inatumika kuuza. Pengo likipitwa bila bei kugeuka, linaitwa pengo lililogeuka. Kila kinachotokea kina jina tayari. Njia isiyoweza kukosea haiwezi pia kupimwa. Ukitaka kupima, lazima uandike kabla: bei ikifanya hivi, nimekosea. Na ubaki hapo.

Kuna pia swali la benki zenyewe, kwa sababu heshima yote ya visanduku hivi inatoka kwenye jina la benki. Nenda Birere, kwa wabadilishaji wa pesa. Mmoja akihitaji dola 10,000 kwa ajili ya mteja, hasimami katikati ya barabara akipiga kelele kwamba anatafuta dola. Anazikusanya polepole, 500 hapa, 1,000 pale, kwa watu tofauti, ili bei isimpande usoni. Benki kubwa zinafanya vivyo hivyo kwa mashine zinazokata oda kubwa vipande vipande na kuvitawanya kwa saa nyingi. Soko hili, kwa hesabu ya Benki ya Malipo ya Kimataifa, mwezi wa nne 2022 lilipitisha dola miliardi 7 500 kwa siku. Halina jengo moja wala daftari moja la oda. Mishumaa unayoiona kwenye telefone ni bei za broka wako. Tena broka mmoja anafunga siku yake saa moja, mwingine saa nyingine, kwa hiyo mshumaa wa saa nne kwa huyu si sawa na wa yule. Oda bloki inayoonekana kwa Meshaki inaweza kukosekana kwa Espérance, pair ile ile, siku ile ile. Benki gani ingeacha pesa zake kwenye mshumaa wa namna hiyo?

Hatusemi kwamba benki ni malaika. Mwezi wa kumi na moja 2014, wasimamizi wa Uingereza, Marekani na Uswisi walitoza benki kubwa faini za zaidi ya dola miliardi 4 kwa sababu wafanyakazi wao walipanga bei. Lakini tazama walivyofanya. Waliandikiana kwenye vyumba vya mazungumzo, wakapashana habari za oda za wateja, wakasukuma bei karibu na saa kumi ya London, saa ambayo bei rasmi ya siku inachukuliwa. Udanganyifu huo ulikuwa wa kweli, na haukuwa na kisanduku chochote ambacho kijana wa Kadutu angeweza kukichora.

Je, bei ya kawaida, zile sapoti na rezistansi za wazee, yenyewe ina ushahidi? Ina kidogo, na ni vizuri kuujua ukubwa wake. Mwaka 2000 mtafiti Carol Osler wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York, alichukua sapoti na rezistansi ambazo makampuni sita yalikuwa yakiwatangazia wateja wao, akazilinganisha na mistari iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Bei iligeukia kwenye mistari ya makampuni kama mara 60 kwa 100. Kwenye mistari ya bahati nasibu iligeuka kama mara 56. Soma namba hizo mara mbili. Mistari ya wataalamu ilikuwa bora kweli, lakini kwa kama mara nne tu katika 100. Na mistari isiyo na maana yoyote ilionekana "kufanya kazi" zaidi ya nusu ya mara zote. Mtu asiye na mistari ya bahati nasibu pembeni angeona 60 na kuamini amepata dhahabu.

Mwaka 2003 mtafiti huyo huyo alitazama oda zenyewe, za wateja wa benki moja kubwa. Alikuta kwamba oda za kuchukua faida zinakusanyika kwenye namba za mviringo, kama 1.0800 au 1.0850, na oda za kukata hasara zinakusanyika nyuma kidogo ya namba hizo. Huo ndio ushahidi wa karibu zaidi tulio nao kuhusu mahali oda zinapolala. Unaunga mkono sehemu moja ya somo la pesa ya werevu: ni kweli kwamba bei ikipita kidogo juu ya kilele kinachojulikana, inaweza kuwasha oda nyingi na kukimbia. Lakini unaunga mkono namba za mviringo na vilele vinavyoonekana na kila mtu, yaani bei ya kawaida. Haukutaja mshumaa wa mwisho wa kushuka.

Basi, kijana afanye nini? Apime mwenyewe, bila kulipa mtu. Achague pair moja na chati moja, tuseme EURUSD dakika 15. Kwenye MetaTrader arudi nyuma miaka miwili na kusogeza mshumaa mmoja mmoja, bila kuona mbele. Kabla ya kuanza aandike sheria kwa maneno ambayo ndugu yake angeweza kuyafuata bila kumuuliza. Kwa mfano: mshumaa mkubwa ni ule wenye mwili mara mbili ya wastani wa mishumaa 20 iliyotangulia. Pengo ni lile tulilolieleza juu. Faida ni mara mbili ya hasara. Spredi inahesabiwa kila mara.

Kisha achore safu nne kwenye daftari. Ya kwanza ni kununua kwenye oda bloki. Ya pili ni kununua katikati ya pengo. Ya tatu ni bei ya kawaida: nusu ya mshumaa mkubwa, au kilele cha zamani kilichovunjwa, bila kuangalia kama kuna FVG. Ya nne ni kipofu: kuingia saa yoyote iliyochaguliwa kwa kura, upande ule ule, kwa umbali ule ule wa hasara na faida. Safu hii ya nne ndiyo ambayo hakuna mwalimu anayeiweka, na ndiyo inayosema ukweli.

Asisimame kwenye mara 20. Hata kwa mara 100, kipofu mwenye nafasi ya theluthi moja anaweza kwa bahati tu kushinda popote kati ya mara 24 na 43. Kwa hiyo mtu aliyeshinda 42 kwa 100 hajathibitisha kitu. Kwa mara 400, bahati peke yake inampeleka kati ya 115 na 152. Akivuka 152 hapo, ana sababu ya kuendelea kuchunguza. Kazi ya mara 400 inachukua wiki kadhaa za jioni. Ni ndefu, lakini inagharimu intaneti tu.

Matokeo yanasomwa hivi. Safu ya kwanza na ya pili zikilingana na ya nne, visanduku ni mapambo. Zikiishinda ya nne lakini zikalingana na ya tatu, basi kinacholeta faida ni kungoja bei irudi baada ya mpando, na majina mapya hayaongezi kitu. Zikiishinda na ya tatu pia, kwa mara 400 na baada ya spredi, hapo mwalimu ana haki ya kuheshimiwa, na sisi tutakuwa wa kwanza kuandika hivyo.

Hatutaki kuwa wagumu kuliko inavyofaa. Somo hili limewafundisha vijana wengi jambo jema: kungoja badala ya kukimbilia bei, na kujua kabla ya kuingia mahali watakapokubali kwamba wamekosea. Hayo yana faida hata kama benki haina habari na kisanduku chako. Lakini faida hiyo ni ya subira na ya kikomo cha hasara, na mtu anaweza kuipata bila kununua siri.

Tena hata njia nzuri haitamuokoa mwenye konti ndogo na loti kubwa. Katika mfano wetu, kwa loti 0.01, pointi 23 ni dola 2 na senti 30. Kwa konti ya dola 50, tayari hiyo ni karibu 5 kwa 100, nyingi kwa oda moja. Kwa loti 0.10, ni dola 23. Mara mbili ukikosea, ubaki na dola 4. Na mwenye kushinda mara 35 kwa 100 atakosea mara mbili mfululizo mara nyingi sana. Wasimamizi wa Ulaya, walipobana biashara hii mwaka 2018, walieleza kwamba kati ya konti 74 na 89 katika kila 100 za watu wa kawaida zilikuwa zinapoteza pesa. Wengi wao walikuwa na mishahara na benki zilizofunguliwa. Hapa Goma benki zilifungwa mwezi wa kwanza 2025, na makuta yaliyobaki nyumbani ni ya chakula na ya shule.

Kwa walimu tunasema neno moja. Ukichukua dola 150 kwa kijana, mpe sheria iliyoandikwa, mpe matokeo ya mara 400 pamoja na safu ya kipofu, na mwonyeshe konti yako ya kweli ya mwaka mzima, hasara zikiwemo. Muuza ndizi wa Kituku anakubali mteja apime kabla ya kulipa. Na wazazi, kijana akija kuomba pesa ya formasyo, msimkatalie kwa hasira. Mwambieni alete lile daftari la safu nne kwanza.